MADA YA 9: KUPANGA ORODHA YA SHOTI NA RATIBA YA UPIGAJI WA SIKU MOJA

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kugawa mswada mfupi katika shoti na kuziandika kwa mpangilio;
(b) kukusanya shoti katika mikao ya kamera na kukadiria muda wake;
(c) kuandika ratiba ya siku moja inayofuata jua, waigizaji na mahali;
(d) kuamua nini kipunguzwe muda unapobana.

9.1 Maneno ya msingi

Shoti ni kipande cha picha kinachopigwa tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa. Kila jaribio la kupiga shoti hiyohiyo huitwa teki. Shoti pana huonesha mahali na watu wote, shoti ya kati humwonesha mtu kuanzia kiunoni, na shoti ya karibu huonesha uso au kitu kimoja. Shoti ya juu ya bega humwonesha mwigizaji mmoja huku bega la mwenzake likionekana pembeni.

Mkao wa kamera ni mahali stendi inaposimama pamoja na upande kamera inakoelekea. Neno hili ndilo linalobeba mada nzima. Wanafunzi wengi huhesabu shoti na kudhani ndizo zinazokula muda. Kinachokula muda ni mkao. Ukihamisha kamera unahamisha stendi, unapanga mwanga upya, unahamisha maikrofoni na unawafanyisha waigizaji mazoezi upya. Lakini shoti mbili zinazotazama upande mmoja, moja ya kati na nyingine ya karibu, zinaweza kupigwa kutoka mkao mmoja kwa kusogeza kamera kidogo tu.

9.2 Mswada wa mfano

Tutatumia mswada mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Filamu inaitwa Stakabadhi. Ina kurasa nne, na kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada hutoa takriban dakika moja ya filamu. Itapigwa katikati ya mwezi Julai katika kata ya Bukundi, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu, wakati pamba imeshavunwa. Waigizaji ni wawili: Mama Limi, asiyejua kusoma, na binti yake Limi wa kidato cha tatu.

Onesho la 1. Nje, uani, asubuhi (ukurasa 1). Mama anashindilia pamba kwenye magunia. Limi anasoma mizani ya kutundika na kujumlisha daftarini: kilo 86.

Onesho la 2. Nje, njiani, mchana (nusu ukurasa). Mama anarudi peke yake kutoka kituo cha kununulia pamba. Anasimama, anaitazama stakabadhi asiyoweza kuisoma, anaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la khanga.

Onesho la 3. Ndani, chumbani, mchana (ukurasa mmoja na nusu). Limi anaisoma stakabadhi: kilo 68. Anaiweka kando ya daftari. Mama anataka yaishe kwa sababu karani ni shemeji yake. Limi anasema tarakimu zimegeuzwa, na kilo 18 zimepotea.

Onesho la 4. Nje, uani, jioni (ukurasa 1). Mama anaburuta gunia jingine hadi alipo Limi, anampa kalamu na kusema: “Andika. Kesho tunakwenda wote.”

9.3 Hatua ya kwanza: orodha ya shoti

Soma mswada na ujiulize kila mahali: mtazamaji lazima aone nini hapa ili aelewe? Katika Stakabadhi kuna mambo matatu ambayo yakikosekana filamu inakufa. Lazima aone 86 ikiandikwa. Lazima aone kwamba Mama hawezi kusoma. Lazima aone 68 na 86 zikiwa pamoja. Anza na hayo, kisha ongeza shoti za kuunganisha. Kila shoti ipewe namba, ukubwa, kinachoonekana na waliomo.

Onesho la 1
Shoti 1. Pana: ua wote, mizani chini ya mti, nyumba nyuma. Mama na Limi.
Shoti 2. Ya kati: Mama anashindilia, Limi kando ya mizani. Wote wawili.
Shoti 3. Ya karibu: uso wa Limi akisoma mizani. Limi peke yake.
Shoti 4. Ya karibu: kalamu ikiandika 86. Mkono wa Limi tu.

Onesho la 2
Shoti 5. Pana: Mama anakuja kwa mbali, mdogo katikati ya mbuga.
Shoti 6. Ya kati: anasimama, anaitazama stakabadhi, anaikunja.

Onesho la 3
Shoti 7. Pana: wote wawili wameketi mkekani kando ya dirisha.
Shoti 8. Juu ya bega la Mama: Limi anasoma.
Shoti 9. Ya karibu: uso wa Limi.
Shoti 10. Juu ya bega la Limi: Mama anajibu.
Shoti 11. Ya karibu: uso wa Mama.
Shoti 12. Ya karibu: stakabadhi ya 68 kando ya daftari la 86.

Onesho la 4
Shoti 13. Pana, kamera mahali pale pale pa shoti 1: Mama anaburuta gunia hadi alipo Limi.
Shoti 14. Ya karibu: kalamu inatoka mkono wa Mama kwenda mkono wa Limi.

Sasa weka alama. Andika M kwa shoti ambayo ni muhimu na N kwa shoti ya nyongeza. Hapa shoti 5, 8 na 10 ni N. Shoti 5 inapendeza, lakini shoti 6 peke yake inatosha kueleza kuwa Mama anarudi na hawezi kusoma. Shoti 8 na 10 zinaweza kuachwa kwa sababu 9 na 11 zinabeba maneno yaleyale. Alama hizi ziwekwe nyumbani akili ikiwa imetulia. Ukisubiri kuamua siku ya upigaji, utaacha shoti iliyo mbele yako kwa sababu ndiyo inayokuchosha, hata kama ni M.

9.4 Hatua ya pili: kukusanya shoti katika mikao

Pitia orodha na utafute shoti zinazotazama upande mmoja katika mwanga mmoja. Shoti 2 na 3 zinaweza kutoka mkao mmoja. Vivyo hivyo 8 na 9, kisha 10 na 11. Shoti 1 na 13 zina mahali pamoja pa kamera, lakini moja ni ya asubuhi na nyingine ya jioni, kwa hiyo zinahesabiwa kuwa mikao miwili. Tunapata shoti 14 katika mikao 11.

Kikundi cha wanafunzi chenye kamera moja au simu, stendi moja na maikrofoni moja kikadirie hivi:

Mkao mmoja wenye shoti moja: dakika 30 (kama 15 za kupanga na mazoezi, 15 za teki tatu au nne).
Kila shoti ya ziada katika mkao huohuo: dakika 10.

Kwa Stakabadhi: mikao 11 × dakika 30 = dakika 330. Shoti za ziada ni 3 × dakika 10 = dakika 30. Jumla ni dakika 360, yaani saa 6 za kazi ya kamera, bila kuhama, kula wala akiba. Kama ungeipa kila shoti mkao wake, ungehitaji dakika 420. Umeokoa saa nzima kwa karatasi na kalamu tu.

9.5 Hatua ya tatu: kulijua jua la mahali

Ratiba ya siku moja inapangwa na jua kwanza, mswada baadaye. Katikati ya Julai jua la Bukundi huchomoza takriban saa 12:50 asubuhi na kuzama takriban saa 12:45 jioni. Halifiki juu kabisa saa 6:00 kamili, bali karibu saa 6:50 mchana, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, nasi tuko magharibi ya mstari huo.

Kuanzia kama saa 4:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri jua liko juu. Macho ya mwigizaji huwa mashimo meusi, na chini ya khanga au kofia uso hupotea kabisa. Kwa hiyo maonesho ya nje yapigwe asubuhi na alasiri, na saa za katikati ziwe za ndani.

Kwa ndani, chagua dirisha kwa uangalifu. Mwezi Julai jua liko upande wa kaskazini yetu, hivyo dirisha la kusini halipigwi na jua moja kwa moja, na mwanga wake haubadiliki sana kutwa. Dirisha la mashariki litakuwekea mstari wa jua sakafuni saa 3:00 ambao saa 5:00 haupo. Ukiunganisha shoti 9 na shoti 11, mtazamaji ataona mwanga ukiruka katikati ya mazungumzo.

Uani, elekeza kamera kusini. Asubuhi jua litatoka kushoto kwa kamera, jioni litatoka kulia. Vivuli vya shoti 13 vitalala upande mwingine na vile vya shoti 1, na mtazamaji ataelewa kuwa siku imekwisha bila kuambiwa.

Nenda mahali hapo siku moja kabla, saa zilezile utakazopiga. Tazama mwanga, kisha funga macho usikilize. Mashine ya kusaga ikianza kunguruma saa 5:00, hutaweza kurekodi mazungumzo karibu nayo. Muulize mwenye mashine saa zake za kazi na ubadilishe nyumba au saa mapema.

9.6 Hatua ya nne: kuandika ratiba

Andika kila saa pamoja na neno asubuhi, mchana, alasiri au jioni. Simu nyingi huonesha 07:30, na mwigizaji anayesoma ujumbe wa haraka anaweza kuelewa saa 7:30 mchana badala ya saa 1:30 asubuhi.

Saa 12:45 asubuhi. Wote kufika uani, mavazi, kutundika mizani.
Saa 1:30 asubuhi. Mkao 1: shoti 1.
Saa 2:00 asubuhi. Mkao 2: shoti 2 na 3.
Saa 2:40 asubuhi. Mkao 3: shoti 4.
Saa 3:10 asubuhi. Kuhamia ndani, chai.
Saa 3:40 asubuhi. Mkao 4: shoti 7.
Saa 4:10 asubuhi. Mkao 5: shoti 8 na 9.
Saa 4:50 asubuhi. Mkao 6: shoti 10 na 11.
Saa 5:30 asubuhi. Mkao 7: shoti 12.
Saa 6:00 mchana. Chakula.
Saa 7:00 mchana. AKIBA, sauti tupu ya chumba, sekunde 60.
Saa 8:00 mchana. Kunakili picha, kubadili betri.
Saa 8:30 mchana. Kuhamia njiani, mazoezi.
Saa 9:30 alasiri. Mkao 8: shoti 5.
Saa 10:00 alasiri. Mkao 9: shoti 6.
Saa 10:30 alasiri. Kurudi uani.
Saa 11:00 jioni. Mkao 10: shoti 13.
Saa 11:30 jioni. Mkao 11: shoti 14.
Saa 12:00 jioni. AKIBA hadi jua kuzama.

Angalia mambo matatu katika ratiba hii.

Kwanza, akiba kubwa imewekwa mara baada ya onesho la ndani. Kazi ya ndani ikichelewa inaweza kumwagikia saa 7:00 bila madhara, kwa kuwa mwanga wa dirisha la kusini bado ni uleule. Kazi ya jioni haina pa kumwagikia. Jua likizama, limezama.

Pili, ndani tumeanza na shoti pana. Ikishapigwa, kila mtu anajua nani ameketi wapi na daftari liko mkono gani. Kisha tumemaliza upande wote wa Limi kabla ya kugeuza kamera kumtazama Mama, ili mwanga upangwe upya mara moja tu. Vuta kamba ya kufikirika kutoka kwa Mama hadi kwa Limi, na mikao yote mitatu ya waigizaji ikae upande mmoja wa kamba hiyo. Ukiivuka, Limi aliyekuwa akitazama kulia atatazama kushoto, na wataonekana wote wawili wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana.

Tatu, onesho la 3 linapigwa kabla ya onesho la 2. Hapa ndipo kazi ya mtunza mwendelezo inapoonekana. Kwenye hadithi, Mama anaingia chumbani akiwa ametoka safari, na stakabadhi imekwishakunjwa mara mbili. Lakini saa 3:40 asubuhi mwigizaji hajatembea popote. Kwa hiyo apakwe vumbi miguuni, khanga ifungwe fundo pindoni, na stakabadhi iwe imekunjwa na kukunjuliwa. Andaa nakala tano za stakabadhi zenye maandishi yaleyale: moja yenye mikunjo kwa onesho la 3, na nne zisizo na mkunjo kwa shoti 6, kwani kila teki ya shoti 6 huacha mkunjo. Mtunza mwendelezo apige picha ya miguu, fundo na stakabadhi, kisha azitumie njiani saa 9:30 alasiri.

9.7 Siku inapoharibika: mfano uliofanyiwa kazi

Swali. Mwigizaji wa Mama amepata pancha ya bodaboda na atafika saa 3:00 asubuhi badala ya saa 12:45. Mwongozaji afanye nini?

Hatua ya 1. Tazama safu ya waliomo. Shoti 3 na 4 hazimhitaji Mama. Pigeni shoti 3 saa 1:30 na shoti 4 saa 2:00. Saa 2:30 zimekwisha.

Hatua ya 2. Mama anafika akiwa amevaa tayari. Saa 3:00 pigeni shoti 1, saa 3:30 shoti 2. Saa 4:00 onesho la 1 limekwisha. Shoti 2 na 3 sasa zimekuwa mikao miwili, lakini hakuna saa iliyokaa bure.

Hatua ya 3. Kuhama dakika 30. Onesho la 3 linaanza saa 4:30 badala ya 3:40, yaani mmechelewa dakika 50. Kazi ya ndani ni 30 + 40 + 40 + 30 = dakika 140. Inaisha saa 6:50 mchana.

Hatua ya 4. Chakula hadi saa 7:50. Akiba ya dakika 60 imemeza dakika 50, na 10 zilizobaki zinatosha kurekodi sauti tupu ya chumba. Saa 8:00 mmerudi kwenye ratiba bila kufuta shoti hata moja.

Swali. Siku hiyohiyo, ng’ombe wamejaa njiani na mmeanza saa 10:00 badala ya 9:30 alasiri. Sasa?

Akiba ya mchana imekwisha. Futeni shoti 5, ambayo ni N na ina mkao wake peke yake, hivyo mnaokoa dakika 30 kamili. Pigeni shoti 6 saa 10:00. Msijaribu kuokoa muda kwa kufuta shoti iliyomo ndani ya mkao wenye shoti nyingine, kwani hiyo hurudisha dakika 10 tu. Na msikopeshe muda kutoka onesho la 4, kwa sababu kalamu ya shoti 14 ndiyo mwisho wa hadithi.

KUMBUKA: Filamu itakayooneshwa hadharani inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kijijini, mjulishe mtendaji wa kijiji na uombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya siku ya upigaji.

9.8 Maswali ya kujipima

1. Kikundi kina shoti 13 katika mikao 9. Kazi ya kamera itachukua muda gani?
2. Stakabadhi ikipigwa Bukundi mwezi Januari, dirisha la upande gani litatoa mwanga usiobadilika sana? Eleza.
3. Kwa nini shoti 1 na 13 ni mikao miwili ingawa kamera inasimama mahali pamoja?
4. Mwigizaji wa Limi anapaswa kuondoka saa 9:00 alasiri. Ni shoti zipi zitaathirika, na utaziokoaje?

Majibu

1. 9 × 30 = 270. Shoti za ziada ni 13 − 9 = 4; 4 × 10 = 40. Jumla ni dakika 310, yaani saa 5 na dakika 10.

2. Dirisha la kaskazini. Mwezi Januari jua liko kusini ya Bukundi, hivyo upande wa kaskazini ndio usiopigwa na jua moja kwa moja.

3. Kwa sababu mwanga ni tofauti na kamera inahamishwa kati yake. Kwa hiyo mahali pa miguu ya stendi pawekwe alama ya vigingi asubuhi, na urefu wa kamera uandikwe, ili jioni irudi palepale.

4. Shoti 13 na 14. Zisogezwe asubuhi mara stendi inapokuwa tayari kwa shoti 1, na kamera ielekezwe kaskazini, ambako jua litakuwa kulia, ili ua uonekane mwingine. Mkono wa kupokea kalamu katika shoti 14 unaweza kupigwa jioni kwa kutumia mkono wa mtu mwingine mwenye mkono unaofanana na wa Limi, akiwa amevaa vazi la Limi. Onesho la 2 halibadiliki, kwani Limi hayumo.